Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mswada wa Video ya Sekunde 90 kwa Duka Dogo la Fundi Cherehani Mwanza

Maswali haya yametoka kwa mafundi wa nguo wa Kirumba, Mabatini, Igoma na Buhongwa, pamoja na vijana wanaowapigia video kwa simu. Mfano unaofuatwa ukurasa mzima ni mmoja: fundi mwenye chumba kimoja na cherehani mbili Kirumba, na mteja anayetaka gauni la kitenge kabla ya kupanda meli ya kwenda Ukerewe. Majibu yanaweza kusomwa moja moja. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, namba ya swali husika imetajwa.

## Misingi

1. Kwa nini sekunde 90, wala si 30 au dakika tatu?

Kazi ya fundi ina hatua nne ambazo mteja anapaswa kuziona zikifuatana, yaani kupima, kukata, kushona na kujaribu. Katika sekunde 30 unaweza kuonyesha gauni zuri tu, na gauni zuri kila duka linalo, hata lile lililoagiza nguo zilizokwisha kushonwa. Sekunde 90 zinatosha kila hatua ipate nafasi yake na hatua ya kujaribu isiharakishwe. Ukivuka hapo, utajikuta unarudia picha za sindano na uzi ambazo mtazamaji amekwisha kuziona. Toleo fupi lina mahali pake, nalo limeelezwa katika Swali la 14.

2. Video iseme jambo gani?

Jambo moja tu, na jambo hilo litokane na hofu ya mteja badala ya fahari ya duka. Fundi akiulizwa anachotaka kisemwe, mara nyingi hutaja mambo saba kwa mpigo: anashona suti, sare za shule, magauni ya harusi na mapazia, anarekebisha nguo, bei zake ni nafuu, na ana uzoefu wa miaka mingi. Yote yanaweza kuwa kweli, lakini mtazamaji hataondoka na hata moja.

Muulize badala yake mteja aliyewahi kuhama fundi. Jibu nililolisikia mara nyingi kuliko mengine yote ni kwamba aliambiwa "njoo kesho" hadi siku ya shughuli ikapita, na wa pili atasema nguo ilimbana alipokaa. Kwa hiyo mswada wetu unabeba ahadi moja yenye sehemu mbili: siku itaandikwa, na nguo itajaribiwa kabla ya siku hiyo. Kila picha na kila neno hupimwa kwa ahadi hiyo, na lisiloisaidia huondolewa hata kama ni zuri.

Ahadi hiyo lazima iwe ya kweli. Ikiwa fundi bado hana desturi ya kuandika siku ya kuchukua nguo, aianze kwanza na aishi nayo mwezi mzima kabla ya kurekodi, kwa maana video itamletea watu watakaokuja na ahadi hiyo mkononi.

3. Mswada unaandikwa kwa mpangilio gani?

Kila onyesho huandikiwa vitu vinne: sekunde linapoanza na linapoisha, mahali na wakati wa siku, picha zitakazochukuliwa kwa aina zake (wapiga video huziita shoti), na maneno yatakayosemwa jinsi yatakavyosemwa. Usiandike "fundi anaelezea huduma zake". Andika sentensi yenyewe, kwa sababu bila sentensi huwezi kujua inachukua sekunde ngapi.

Andika tu kile kinachoweza kuonekana au kusikika. "Fundi ni mwaminifu" hakiwezi kupigwa picha. "Fundi anaandika Alhamisi, saa kumi, kwenye karatasi na kumpa mteja" kinaweza.

## Mswada wenyewe

4. Naomba mfano kamili wa mswada.

Huu hapa. Jina la duka na namba ya simu vimeachwa ili kila mmoja ajaze vyake.

Onyesho la 1 (sekunde 0 hadi 8). Ndani ya duka, meza ya kukatia, asubuhi.
Picha ya karibu sana: chaki inachora mstari juu ya kitenge cha njano na bluu. Picha ya karibu: mkasi unafunguka mwanzoni mwa mstari, kisha unasimama bila kukata. Mlio wa mkasi unasikika.
FUNDI (sauti tu): "Kitambaa ukishakikata, hakirudi. Ndiyo maana mimi huanza na tepu."

Onyesho la 2 (sekunde 8 hadi 24). Mlangoni, kisha mezani, asubuhi.
Picha pana kutoka barabarani: mteja, msichana wa miaka ishirini na kitu, anaingia na kitenge kwenye mfuko. Picha ya kati ya watu wawili mezani. Picha ya karibu: mkono wa fundi unaandika "Alhamisi, saa kumi" kwenye karatasi ndogo.
MTEJA: "Shikamoo mama."
FUNDI: "Marahaba mwanangu, karibu."
MTEJA: "Nina harusi Nansio Jumamosi. Meli ni Ijumaa."
FUNDI: "Basi Alhamisi uje ujaribu." (Anaandika, anamkabidhi.) "Nimekuandikia. Hii karatasi kaa nayo."

Onyesho la 3 (sekunde 24 hadi 38). Karibu na mlango, asubuhi.
Picha ya kati: tepu begani, kisha mgongoni. Picha ya karibu: tepu kiunoni, vidole viwili vya fundi vikiwa ndani yake.
FUNDI: "Kifua, kiuno, nyonga, na urefu wa mgongo. Nikipima, naacha vidole viwili ndani ya tepu, ili ukikaa usibanwe."

Onyesho la 4 (sekunde 38 hadi 58). Ndani ya duka, mchana.
Picha tano za sekunde nne kila moja. Picha ya juu: vipande viwili vya kitenge vinasogezwa hadi maua yakutane. Picha ya karibu: sasa mkasi unakata. Picha ya chini: mguu kwenye kanyagio la cherehani. Picha ya karibu sana: sindano inapita. Picha ya karibu: pasi inalaza mshono kwa upande wa ndani.
FUNDI (sauti tu): "Maua ya kitenge yanakutana kwenye mshono. Ndani nabakiza kitambaa cha kutosha. Ukinenepa mwakani, tunapanua."

Onyesho la 5 (sekunde 58 hadi 76). Mbele ya kioo, Alhamisi jioni.
Picha ya kati: mteja, sasa amevaa gauni, anatoka nyuma ya pazia. Picha ya juu ya bega la mteja kuelekea kioo. Picha ya karibu: pini inaingia begani. Picha kamili, kichwa hadi mguu: gauni limekaa sawa, mteja anazunguka mara moja na kucheka.
FUNDI: "Inua mikono. Kaa. Simama."
MTEJA: "Bega la kushoto linavuta kidogo."
FUNDI: "Nimeliona. Kunywa maji, nalirekebisha sasa hivi."

Onyesho la 6 (sekunde 76 hadi 90). Mlangoni, jioni.
Picha pana: mteja anaondoka na mfuko, barabara ya Kirumba nyuma yake. Picha ya kati: fundi mlangoni, tepu shingoni, anaitazama kamera kwa mara ya kwanza. Sekunde tano za mwisho: jina la duka na namba ya simu vinaonekana juu ya picha hiyo hiyo.
FUNDI: "Njoo na kitambaa chako. Tutapima, tutaandika siku, na siku hiyo utavaa. Tupo Kirumba, njia ya kwenda mwaloni, mlango wa bluu."

5. Picha pana, ya kati na ya karibu zinatofautianaje, na nitajuaje ipi itumike wapi?

Picha pana huonyesha mahali, yaani duka, mlango na barabara. Picha kamili huonyesha mtu kuanzia kichwa hadi mguu, na kwa fundi ndiyo picha ya kuonyeshea nguo iliyokamilika. Picha ya kati hukata mtu kiunoni, nayo hufaa mazungumzo kwa sababu uso na mikono huonekana pamoja. Picha ya karibu hujaza fremu kwa kitu kimoja, kama tepu kiunoni. Ya karibu sana hushuka hadi kwenye ncha ya chaki au sindano.

Kanuni ninayoifuata ni kujiuliza mteja angetazama wapi kama angekuwa amesimama pale. Siku inapoandikwa, jicho lake liko kwenye karatasi, basi kamera nayo isogee kwenye karatasi. Anapojaribu gauni, anajitazama mzima, na hapo picha ya karibu ya kifungo ingemnyima anachokitaka. Kosa ninaloliona zaidi ni kupiga kila kitu kwa picha ya kati kutoka pembe moja, mpigaji akiwa amesimama palepale dakika zote. Video ya namna hiyo huchosha hata ikiwa na sekunde 90 tu.

Piga simu ikiwa wima, kwa kuwa watazamaji wengi watakuona kwenye WhatsApp, Instagram au TikTok wakiwa wameshika simu wima.

## Maneno

6. Mbona maneno ni machache hivyo?

Maneno yanayosemwa katika mswada wote ni 96. Maneno ya Kiswahili hubeba mengi ndani yake. "Ukishakikata" ni neno moja lakini lina silabi sita, hivyo kuhesabu maneno kwa kipimo kilichotungwa kwa lugha nyingine kutakudanganya. Njia ya uhakika ni kusoma kila onyesho kwa sauti, kwa mwendo wa mtu anayeongea na mteja, huku saa ya simu ikihesabu. Maneno yakijaza zaidi ya theluthi mbili ya sekunde za onyesho, punguza. Zile zinazobaki ni za mkasi, kanyagio na kicheko cha mteja, na hizo ndizo zinazomfanya mtazamaji aamini kwamba duka hilo lipo.

7. Kwa nini mteja alalamike kuhusu bega katika tangazo? Si tunajiharibia?

Swali hili huulizwa na karibu kila mwenye duka anapousoma mswada kwa mara ya kwanza, na wengi huomba sentensi hiyo ifutwe. Nawaomba waiache.

Mtu yeyote aliyewahi kushonesha nguo anajua kwamba jaribio la kwanza mara nyingi huwa na kitu: bega linavuta, kiuno kiko juu, pindo limepanda upande mmoja. Video inayoonyesha gauni likikaa sawasawa mara ya kwanza humwambia mtazamaji kwamba anaonyeshwa maigizo. Ile inayoonyesha kasoro ndogo ikionekana, ikikubaliwa bila ubishi na kurekebishwa papo hapo, humpa jibu la swali asilothubutu kuliuliza dukani, yaani atafanyiwa nini nguo isipomkaa.

Kasoro yenyewe ichaguliwe kwa uangalifu. Bega linalovuta hurekebishika kwa kufungua mshono mfupi na kuushona upya, nalo linaonekana wazi kwenye kamera kwa mikunjo inayotoka shingoni kuelekea kwapani. Kifua kilichokatwa kidogo hakirekebishiki kirahisi pasipo kuongeza kitambaa, na kukionyesha kungekuwa kuonyesha kosa la kweli. Ili bega livute kweli mbele ya kamera, fundi aingize mshono wa bega la kushoto kwa robo inchi zaidi kwa nyuzi ndefu za muda, kisha azifumue kabla ya picha ya mwisho. Kasoro imeandaliwa, ndiyo, lakini kinachoonyeshwa ndicho kinachotokea dukani wiki hadi wiki.

Kumbuka pia neno la fundi, "Nimeliona". Fundi mmoja alilibadilisha wakati wa kurekodi akasema "Litajinyoosha lenyewe ukilivaa", na kila aliyeitazama picha hiyo alicheka kwa uchungu. Tulirudia.

8. Fundi wetu haongei mbele ya kamera. Tufanyeje?

Katika mswada huu anaitazama kamera mara moja tu, mwishoni. Maonyesho ya 1 na 4 ni sauti tu, ambayo hurekodiwa baadaye akiwa amekaa kwa utulivu, na mazungumzo ya Onyesho la 2 na la 5 anayafanya na mteja huku mikono ikiwa kazini. Mpe tepu ashike. Fundi mwenye tepu mkononi huongea kama alivyo. Ikiwa hata Onyesho la 6 linamshinda, mteja wa kweli aseme sentensi za mwisho kwa nafsi yake: "Walinipimia, wakaniandikia siku, na siku hiyo nikavaa."

Asikariri neno kwa neno. Akisema "futikamba" badala ya "tepu", au akimsalimu mteja "Mwangaluka" kwa Kisukuma kwa kuwa ni asubuhi na ndivyo anavyosalimu, acha iwe hivyo.

## Siku ya kurekodi

9. Gauni linachukua siku kadhaa. Tunawezaje kurekodi yote kwa siku moja?

Nunueni kitenge cha yadi 6 na fundi ashone gauni kwa yadi 3 siku chache kabla, akimpima yule mteja atakayeonekana. Yadi 3 zinazobaki, zenye maua yale yale, ndizo zitakazochorwa na kukatwa mbele ya kamera, na vipande hivyo ndivyo vitakavyopita chini ya sindano. Mtazamaji ataona kitambaa kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Msirekodi kwa kufuata mpangilio wa mswada. Anzeni na yote yanayomhitaji mteja, yaani maonyesho ya 2, 3, 5 na kuondoka kwake katika la 6, kisha mmwache aende na mbaki na mikono, mkasi na cherehani. Kati ya Onyesho la 3 na la 5 abadilishe viatu na mtindo wa nywele au kitambaa cha kichwani, kwa sababu Alhamisi si siku ile aliyokuja kupimwa. Uzi uwe wa rangi moja katika picha zote. Mswada huu una picha 18, na kwa watu wasio na haraka ni kazi ya nusu siku.

10. Duka letu ni la giza. Tununue taa?

Kabla ya kununua, sogezeni meza ya kukatia na cherehani hadi karibu na mlango, na fundi aelekee mlangoni huku kamera ikiwa kati yake na mlango, kidogo upande. Mwanga wa mlango wa duka lenye kivuli mbele ni laini na unaonyesha rangi ya kitambaa kwa ukweli. Mwanza iko karibu na ikweta, hivyo saa sita mchana jua huwa karibu utosini na nje kila uso una kivuli chini ya macho. Picha za nje zipigwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Taa za mirija huleta shida nyingine. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na simu isipoendana nao huonyesha mistari ya giza inayopanda na kushuka kwenye picha. Ukiiona, zima taa utumie mlango, au kama simu inakuruhusu kuchagua kasi ya kufungua lenzi, weka `1/50` au `1/100`.

Shati jeupe la sare nalo huidanganya simu: weupe hupotea hadi mishono haionekani. Gusa na ushikilie kidole juu ya shati kwenye kioo cha simu hadi mwanga ufungwe, kisha ushushe mwanga kidogo. Kitambaa cha suti chenye mistari myembamba kinaweza kuonekana kama kinatetemeka. Sogea karibu au mbali hadi mtetemo uishe.

11. Kwenye kioo tunaonekana sisi wenye kamera.

Simama nyuma ya mteja, pembeni, ukielekeza kamera juu ya bega lake. Kioo hurudisha mwanga kwa pembe ile ile ulioingia nayo, kwa hiyo ukiwa upande wa kulia wa kioo kitakuonyesha vitu vya upande wa kushoto. Panga upande huo uwe na nguo zilizotundikwa, wala si ndoo na watu.

12. Sauti inakuja na kelele za bodaboda na cherehani. Tufanyeje?

Mazungumzo ya Onyesho la 2 na la 5 yarekodiwe cherehani zote zikiwa zimezimwa, na simu ya pili ikiwa mezani chini ya kitambaa, hatua moja kutoka kwa wanaoongea, ikirekodi sauti peke yake. Pigeni kofi moja mwanzoni ili sauti na picha ziunganishwe baadaye kwenye mlio huo.

Maneno ya sauti tu yarekodiwe ndani ya duka lenyewe, fundi akiwa amekaa kati ya nguo zilizotundikwa na majora ya vitambaa. Vitambaa humeza mwangwi, na hakuna chumba tupu kitakachokupa sauti safi kama hiyo. Mlio wa cherehani urekodiwe peke yake kwa karibu, kisha uwekwe chini ya maneno katika Onyesho la 4. Cherehani ya kukanyaga ina mdundo unaopendeza. Ile ya mota hunguruma mfululizo, nayo ipunguzwe hadi isikike kwa mbali. Mvua ikianza kupiga bati, acheni sauti na mwendelee na picha za mikono.

## Hali za pekee

13. Kuna sheria gani kuhusu wateja na nyimbo?

Daftari la vipimo ndilo hatari isiyoonekana. Niliwahi kupiga picha ya karibu ya fundi akifungua daftari, na nilipoikuza nikasoma majina, namba za simu, vifua na viuno vya wanawake sita. Picha hiyo niliifuta. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, vipimo vya mwili wa mtu ni siri kati yake na fundi wake. Tumieni daftari jipya lenye ukurasa mmoja wa mfano, na mteja atakayeonekana akubali kwa maandishi. Kwa mtoto, mzazi ndiye atakayekubali, na nembo ya shule isionekane.

Kuhusu wimbo, tangazo ni biashara, na kutumia wimbo wa Bongo Fleva bila ruhusa ya mwenye haki ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Wa kuulizwa ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ijulikanayo kama COSOTA. Mswada huu hauhitaji wimbo.

14. Tunahitaji pia toleo la sekunde 30. Tukate wapi?

Chukueni Onyesho la 2 kuanzia "Nina harusi Nansio" hadi karatasi inapokabidhiwa, kisha Onyesho la 5 lote, na sentensi mbili za kwanza za Onyesho la 6 zikiwa na namba ya simu juu yake. Kupima na kushona huondoka, ahadi inabaki. Namba iwekwe katikati ya picha, kwa maana chini na upande wa kulia hufunikwa na vitufe vya TikTok na Instagram.

15. Sisi tunashona sare za shule tu. Mswada huu unatufaa?

Unafaa kwa kubadilisha siku na mwili. Shule hufunguliwa Januari, hivyo video itoke Novemba, na karatasi iandikwe tarehe ya Desemba. Katika Onyesho la 4, badala ya maua kukutana, fundi aonyeshe upindo wa inchi mbili ndani ya sketi ya bluu na kusema utashushwa mtoto akirefuka. Katika Onyesho la 5 mtoto asiambiwe "Kaa" tu; aambiwe achuchumae na kuruka, kwa sababu kaptura ya shule ya msingi huchanika kwenye mshono wa katikati, na mzazi anayetazama anajua hivyo.

16. Tumehama duka baada ya video kutoka. Tuirekodi upya?

Hapana, ikiwa mlirekodi sentensi ya mahali peke yake. Ndiyo sababu katika Onyesho la 6 "Tupo Kirumba" ni sentensi ya mwisho na fundi huvuta pumzi kabla ya kuisema. Rekodini sentensi mpya mkiwa mmesimama mlango mpya, kwa picha ya kati na saa ile ile ya jioni, kisha mwibadilishe. Picha pana ya barabara katika Onyesho la 2 na la 6 nayo ipigwe upya, maana mteja huitumia kutafutia mlango.